Nani wa Mwisho Hapa?

(SAUTI: Mtoto mchanga analia. Benchi linaburuzwa. Wanawake wanazungumza.)

MTANGAZAJI: Saa mbili asubuhi, benchi la zahanati moja nje kidogo ya mji wa Pangani limeshajaa. Mama aliyetoka Dar es Salaam kumtembelea mkwewe anafika na mtoto wa miezi tisa mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Kabla hajamtafuta nesi, anasimama mbele ya benchi.

"Shikamooni. Poleni kwa kusubiri."

Wakubwa wanaitikia marahaba. Wa rika lake wanajibu, "Tumeshapoa, karibu." Ndipo anapouliza, "Nani wa mwisho hapa?" Bibi mwenye mjukuu mapajani ananyanyua kidole: "Mimi hapa, mwanangu. Kaa."

Pale ambapo hakuna namba za karatasi, foleni yote imo ndani ya jibu hilo. Kila mtu anamkariri mmoja tu, aliye mbele yake, na anayefuata atamkariri yeye. Anayekuja akaketi kimya akitoka kidogo kumbembeleza mtoto, akirudi hana wa kumtetea. Aliyesalimia husema tu, "Nishikieni zamu," na zamu inamngoja.

(SAUTI: Mtoto anacheka.)

Benchini, jirani hamwulizi mwenzake anaumwa nini. Huenda kaja kwa jambo lake la siri, na hapo watu wameketi bega kwa bega. Huulizwa habari za nyumbani, za safari, za mvua. Anayemsifu mtoto hutanguliza "Mashaallah", maana sifa tupu humtia mama hofu ya jicho.

Swali moja, hata hivyo, huruhusiwa: "Wako ana miezi mingapi?"

Swali hilo lina kazi kubwa kuliko linavyosikika. Chanjo ya surua na rubela, anayopewa mtoto akitimiza miezi tisa, huja ikiwa unga, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10. Ukishachanganywa na maji yake maalumu, unatakiwa utumike ndani ya saa 6, kinachobaki hutupwa. Ndiyo maana nesi akiona watoto wawili tu wa umri huo, huwa anasita kufungua kichupa, akiwangoja wengine. Mgeni asiyelijua hili hudhani amesahauliwa.

Leo benchi limeshajihesabu: mjukuu wa bibi, mtoto wa Dar es Salaam, na pacha wa mama aliyeketi karibu na mlango. Wanne. Binti mmoja anatoa simu na kumpigia jirani yake: "Dada, wako si katimiza miezi tisa? Njoo sasa hivi, wenzake wapo."

Nusu saa baadaye dada huyo anatokea, kanga imelowa jasho. "Shikamooni. Nani wa mwisho?"

Mama wa Dar es Salaam anasogea, anampisha mahali pa kukaa. "Mimi, dada. Pole na jua."

(SAUTI: Mlango unafunguliwa. Nesi anaita: "Wa miezi tisa, ingieni!")