Maneno ya Shukrani kwa Wazazi na Walimu

Yalitamkwa na mmoja wa vijana wetu aliyehitimu chuo kikuu, katika karamu ya jamaa huko Murang'a, Desemba 2025.



Tumepewa nafasi ya kusema machache kabla ya chakula. Tutasema "sisi" kwa kuwa ndugu zetu wawili wadogo wametuomba tuwe kinywa chao, na kwa kuwa katika shahada hii ya ualimu wa hesabu na fizikia wana sehemu yao. Siku za Jumamosi, tulipokuwa bwenini, wao walikuwa shambani wakichuma chai. Desturi ya siku kama ya leo ni kuwashukuru wazazi kwa yote waliyotutendea. Lakini twaona neno hilo "yote" huficha mengi. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya wazee tutaje mambo machache pamoja na hesabu zake, ili kila mwenye haki aisikie haki yake ikitajwa.

Wengi wenu mliotoka Nairobi mmezoea mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima wa chai hulipwa kwa njia nyingine. Kila mwezi hupata malipo madogo kwa kilo za majani alizopeleka kituoni, na sehemu kubwa ya jasho lake hubaki kiwandani. Kiwanda hufunga hesabu zake mwisho wa Juni, na salio, ambalo sote twaliita bonasi, humfikia mkulima yapata mwezi wa Oktoba. Shule nayo ina kalenda yake. Tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 2017, ada ya shule yetu ya bweni ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, nayo ililipwa nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili, na asilimia 20 katika wa tatu. Basi Januari shule ilidai shilingi 26,777, na Septemba ilidai 10,711 tu.

Tazameni jinsi mambo hayo mawili yasivyopatana. Bonasi huja wakati shule imekwisha kudai karibu yote, na shule hudai nusu nzima wakati wa kiangazi, ambapo chipukizi hazitoki na kikapu hakijai. Mwaka ule tulilipwa shilingi 15 kwa kilo, kabla ya kukatwa deni la mbolea. Ada ya muhula wa kwanza peke yake ilikuwa sawa na kilo 1,785 za majani. Mama akichuma kilo 30 kwa siku, na hizo ni nyingi katika Januari, ni siku 60 za kuinama juu ya mashina, bila kununua hata chumvi. Hakuna mtu awezaye kuzichuma kilo hizo kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Ada ya Januari lazima itoke katika bonasi ya Oktoba iliyotangulia, nayo lazima ikae miezi 3 bila kuguswa. Mzazi anayeshindwa kulipa Januari huenda si mvivu wala si mlevi; pengine tatizo lake ni hiyo miezi 3 tu.

Mwaka 2017 Baba aliuza fahali. Wote mwamkumbuka fahali yule, na Nyanya angali akimtaja. Januari 2018 hakukuwa na fahali mwingine. Fedha ya Oktoba ilikuwa imeingia katika hesabu ya Baba, na fedha ya Oktoba, kama mjuavyo, ina jamaa wengi. Palikuwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, palikuwa na harusi ya binamu, palikuwa na mkopo wa rafiki. Baba hakuifuja, aliombwa, naye ni mtu asiyeweza kukataa mlangoni pake. Tulikwenda shule na shilingi 15,000. Upungufu ulikuwa shilingi 11,777.

Hapa twamshukuru mwalimu wetu wa darasa wa kidato cha pili, aliyekuja leo kutoka mbali. Muhula ule wanafunzi wengi wenye upungufu walirudishwa nyumbani kutafuta ada, na mwanafunzi akikaa nyumbani wiki 2 hurudi akakuta darasa limepita mlango ambao yeye hakufunguliwa. Mwalimu huyu hakungoja orodha isomwe. Alimwita Baba, akamwuliza swali moja: "Majani hulipwa lini?" Baba akamwambia ni kila mwezi. Basi akaandika karatasi ya ahadi ya shilingi 4,000 kila mwisho wa mwezi, Februari, Machi na Aprili, akaipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, ikakubaliwa. Deni lilimalizika Aprili, na shilingi 223 zilizozidi zikahesabiwa katika muhula wa pili. Hakutoa senti yake, nasi hatudai alitoa. Alichofanya ni kuuliza fedha ya mkulima huja siku gani, jambo ambalo watu wachache sana waliopata kutudai ada walifikiri kuliuliza.

Sasa twafika kwa Baba. Twajua hapendi lisemwe, lakini twasema mbele ya wazee kwa sababu lilisemwa vibaya zamani mbele ya wazee hao hao.

Shamba letu lina mashina 2,400 ya chai, na yote yalikuwa yameandikishwa kwa namba ya Baba. Mama alichuma, Mama alibeba kikapu hadi kituoni, karani akapima, na risiti ikatoka kwa jina la Baba. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za vilima hivi, wala si jambo la kumlaumu mtu mmoja. Mwisho wa Februari 2018, baada ya karatasi ile ya ahadi, Baba alifuatana na Mama hadi kiwandani. Wakajaza fomu, Mama akafungua hesabu yake katika chama cha akiba na mikopo, na mashina 900 ya upande wa mtoni yakahesabiwa na kuandikwa kwa namba ya Mama. Tangu siku hiyo majani ya mtoni yalipimwa mbali, na malipo yake yakaenda kwake.

Mliokuwapo mwakumbuka maneno yaliyofuata. Paliulizwa kama mwenye nyumba amehamishwa nyumbani mwake. Palisemwa kuwa mke mwenye namba yake hatasikia tena. Baba hakujibu. Oktoba 2018 bonasi ya Mama ilikuwa ya miezi 4 tu, kwa maana kiwanda hulipa kwa kilo za mwaka uliofungwa Juni, na yeye alianza Machi. Hata hivyo ilizidi nusu ya ada ya Januari, ikakaa katika hesabu ambayo waombaji wa mlangoni hawakuijua, nayo Januari 2019 ikaenda moja kwa moja shuleni. Kwa mara ya kwanza tuliripoti na ada kamili. Namba ya Baba iliendelea kulipa deni la mbolea la mashina yote, ya mtoni pamoja. Hilo nalo halikutangazwa popote.

Baba, wengi watakusifu kwa fahali uliyemwuza. Sisi twakushukuru zaidi kwa mashina 900 uliyokubali yasomwe kwa jina jingine. Mama, wewe twakushukuru kwa miezi ile 3, Oktoba hadi Januari, ya kila mwaka. Twajua siku ambazo nyumba ilikosa sukari ilhali kitabu cha akiba kilikuwa chini ya godoro, na hukukifungua.

Mwalimu wa pili tunayemtaja ni mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya msingi, mzee yule aliyeketi karibu na mlango kwa hiari yake. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nasi tulikuwa kidato cha nne. Tulikaa nyumbani hadi tarehe 12 Oktoba. Palikuwa na masomo ya redio, na wenye simu nzuri walisoma kwa simu. Sisi tulikuwa na simu ndogo ya Mama. Mwalimu huyu hakuwa tena na wajibu wowote kwetu. Lakini alijua kwamba kituo cha chai hakikufungwa, na kwamba kila nyumba hutuma mtu huko. Kila Jumatano aliandika kwa mkono maswali 10 ya hesabu, akayaacha kwa karani wa kituo. Jumatano iliyofuata tulirudisha majibu pamoja na majani, na karatasi ya zamani ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Palipokuwa na kosa hakuandika jibu. Aliandika mstari ambao kosa lilianzia, basi. Mtihani wa mwaka ule tuliufanya Machi na Aprili 2021, na hesabu ndiyo iliyotupeleka chuo kikuu. Karani naye twamshukuru, kwa maana alizikunja karatasi zile katika daftari lake la uzani zisilowe umande.

Wazee wetu, limebaki neno moja, nalo si tamu. Leo tumesikia tukiitwa tajiri wa ukoo. Twaomba mjue hali ilivyo. Kwa miaka 4 ya chuo tulikopa kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu shilingi 40,000 kila mwaka, jumla 160,000. Mkopo huo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nao huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe umepata kazi au hujapata. Baba ni mmoja wa wadhamini walioweka sahihi, kwa hiyo jina lake limo. Kazi ya serikali kwa mwalimu mpya haiji kwa kuvaa joho: hujiandikisha kwanza na Tume ya Huduma ya Walimu, kisha huomba na kungoja zamu pamoja na waliohitimu kabla yake. Basi msituhesabie mshahara ambao haujaja, wala msimwendee Mama kuukopa.

Tena dada yetu mdogo aingia darasa la 10 mwezi ujao, katika kundi la kwanza la mtaala mpya kufika sekondari ya juu. Ni Januari ile ile, na kiangazi ni kile kile. Tumekubaliana na Baba na Mama kwamba kikapu cha zawadi kitakachopitishwa leo kisije kwetu. Joho tulilikodi na limekwisha kurudishwa, na suti hii ni ya mjomba. Kila mtakachotoa kiende katika ada ya muhula wake wa kwanza. Mweka hazina wa chama yupo pale mezani na daftari lake, naye ataandika stakabadhi kwa jina la Mama.