Kilichoandikwa Pambizoni: Kutafsiri Hati ya Ndoa kutoka kwenye Picha ya Simu



Mada niliyopewa ni pana, nami nitaibana. Nitazungumzia hati ya aina moja tu: hati ya ndoa iliyofungwa Oman, iliyoandikwa kwa Kiarabu, ikapigwa picha kwa simu huko Maskati na kutumwa Unguja kwa jamaa waliofungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Kadhi. Kadhi mwenyewe pengine ataisoma bila msaada wetu. Lakini shauri linakwenda kwa Kiswahili, na warithi wote wana haki ya kujua karatasi inasema nini. Hati ninayoitumia hapa nimeitunga kwa ajili ya semina hii. Matatizo yaliyomo sikuyatunga.

Hati yetu ni fomu iliyopigwa chapa, ikajazwa kwa kalamu. Ina majina ya bwana na bibi harusi, walii, mashahidi wawili, mahari ya kutanguliza na mahari ya kuchelewesha. Chini kuna muhuri wa mviringo wa wino wa buluu, umekalia sahihi na nusu ya tarehe. Katika pambizo la kulia kuna mistari miwili iliyoandikwa kwa kusimama, kwa kalamu nyingine na mkono mwingine. Mteja ametuma picha moja na anasema tafsiri inatakiwa kesho asubuhi.

Kabla ya kutafsiri neno lolote, rudisha picha hiyo. Omba hati ilazwe juu ya meza karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu iwe juu yake sawasawa, na pembe zote nne zionekane. Omba na upande wa nyuma, hata mteja akisema ni mtupu, kwa sababu huko ndiko mara nyingi hubandikwa stika ya uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje. Omba picha ya karibu ya muhuri na nyingine ya pambizo. Zote zitumwe kama faili, kwani WhatsApp huibana picha ya kawaida, na nukta ndogo za wino ndizo za kwanza kupotea. Mwisho, omba picha moja ambayo mwanga unatoka ubavuni, kutoka upande mmoja wa karatasi. Muhuri mkavu, ule unaobonyezwa bila wino, hauonekani kabisa mwanga ukitoka juu. Ukitoka ubavuni, kivuli chake hujitokeza.

Nukta nimezitaja kwa makusudi. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta (٠), na kile kiduara kinachofanana na sifuri yetu ni tano (٥). Nukta ikipotea kwenye picha, tarehe 20 inakuwa tarehe 2. Uchafu wa karatasi ukionekana kama nukta, tarehe 2 inakuwa 20. Mwandiko wa haraka una mtego mwingine: wengi huandika tatu kwa jino moja, ikafanana na mbili ya chapa (٢), na mbili huiandika bila jino. Aliyejifunza tarakimu kwenye vitabu peke yake ataisoma tatu ya mkono kuwa ni mbili, tena bila wasiwasi wowote.

Sasa tusome pambizo letu. Linasema kwamba mume amemtaliki mke huyo talaka moja rejea, tarehe 20, kisha mwezi kwa tarakimu, kisha mwaka 1433. Mwezi ni wa pili au wa tatu? Jamaa wanasema mume alifariki mwanzoni mwa mwezi wa sita, mwaka huohuo. Kwa fikihi, mke aliyepewa talaka rejea humrithi mumewe akifa kabla eda haijaisha, na eda ya mwanamke anayepata hedhi huhesabiwa kwa mizunguko mitatu. Ikiwa talaka ilitoka mwezi wa pili, siku mia moja zilikwishapita na huenda eda ilikwisha. Ikiwa ni mwezi wa tatu, zilipita kama sabini tu, na hoja ya mke ina nguvu. Tarakimu moja imebeba fungu la mjane.

Jibu linatafutwa ndani ya mstari huohuo. Tarehe 20 ina mbili iliyoandikwa na mkono uleule. Mwaka 1433 una tatu mbili za mkono uleule. Kuza picha, uziweke tarakimu hizo kando ya tarakimu ya mwezi. Ikiwa inafanana na tatu za mwaka na haifanani na mbili ya siku, andika 3 bila kusita. Ikiwa ukungu wa picha haukupi uhakika, andika katika mabano ya mraba: [tarakimu ya mwezi haisomeki kwa uhakika: 2 au 3]. Usimuulize mteja talaka ilitoka lini. Naye ni mrithi.

Kwa sababu hiyohiyo maneno ya pambizoni hayaingizwi katika maelezo ya ndoa wala hayafanywi muhtasari. Yanawekwa peke yake yakitanguliwa na [Pambizo la kulia, kwa mwandiko na kalamu tofauti]. Kama yana sahihi, taja kuwa kuna sahihi. Kama hayana muhuri, andika kuwa hakuna muhuri unaoonekana, uishie hapo. Kama maandishi hayo ni halali au si halali, hilo si la mfasiri.

Tarehe ya Hijria ibaki ya Hijria. Mwaka 1410, kwa mfano, ulianza Agosti 1989 ukaisha Julai 1990, kwa hiyo hati yenye mwaka peke yake haiwezi kupewa mwaka mmoja wa Miladi. Hata tarehe kamili inaweza kupishana kwa siku moja au mbili kutegemea mwezi ulivyoandama. Mteja akitaka tarehe ya Miladi, iwekwe katika maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa, ikiwa na neno “takriban”.

Mahari ya kuchelewesha katika hati yetu imeandikwa riyali 500.000. Aliyezoea shilingi ataona laki tano. Riyali ya Oman ina baisa 1,000, hivyo tarakimu tatu za mwisho ni za baisa: kiasi ni riyali mia tano. Kwa kawaida kiasi huandikwa pia kwa maneno, na hayo maneno ndiyo yanayokuthibitishia. Mahari hiyo kama haikulipwa ni deni la marehemu, linatolewa kabla ya urithi kugawanywa, kwa hiyo kosa la nukta linaweza kuimaliza tarika yote. Katika hati za zamani, neno riyali lisiongezewe “ya Oman” kama halikuandikwa hivyo. Riyali ya Saidi, iliyokuja kuitwa riyali ya Oman, ilianza kutumika mwaka 1970, na kabla yake watu walitumia rupia na riyali za fedha za Maria Theresa.

Kuhusu muhuri uliokalia tarehe: wino wa muhuri ukiwa buluu na wa kalamu ukiwa mweusi, programu ya picha inayotenganisha rangi inasaidia. Ukitazama mkondo wa buluu peke yake, muhuri hufifia na maandishi meusi hubaki. Picha hiyo ni ya kusomea tu. Isiambatishwe na tafsiri badala ya ile uliyopokea. Muhuri wenyewe utafsiriwe kwa kutaja umbo, rangi na maneno yanayosomeka, na pale wino ulipokosa kushika andika [haisomeki]. Hata kama unaijua mahakama hiyo na jina lake lote, usimalizie herufi ambazo picha haikuonyesha.

Majina nitayapitia haraka. Maandishi ya Kiarabu huacha irabu fupi, basi fuata tahajia ya pasipoti au kitambulisho ulichoonyeshwa, na useme kuwa umefuata hicho. Kama hukuonyeshwa, chagua tahajia moja uishike mpaka mwisho.

Kiapo cha mfasiri kiseme kazi imefanywa kutoka kwenye picha, ni picha ngapi, na ni pande zipi za hati. Asili ikifika baadaye kutoka Maskati, na ile tarakimu ya mwezi ikasomeka wazi, usisahihishe nakala ya kwanza kwa kalamu. Toa tafsiri mpya yenye tarehe mpya, ieleze kuwa imetokana na hati asili na inachukua nafasi ya ile ya picha, na taja mahali zinapotofautiana.