Dozi Inayobaki Baada ya Mtu Kuondoka



Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohama wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibu saratani iliyoachwa humo. Ndani yake mlikuwa na kloridi ya seziamu 137, unga unaoyeyuka majini kama chumvi. Chuma kiliuzwa kwa mnunuzi wa skrepa. Unga ulimeta rangi ya buluu gizani, watu wakaushangaa, wakagawana. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea, kisha akala chakula bila kunawa mikono.

Wataalamu walikadiria kwamba mtoto yule aliingiza mwilini takriban gigabekereli moja, yaani atomi bilioni moja zikivunjika kila sekunde. Kwa uzito, hiyo ni kama theluthi moja ya miligramu ya seziamu 137. Alifariki mwezi uliofuata, akiwa mmoja wa wanne waliopoteza maisha katika mkasa ule.

Nimechagua mkasa huu kwa sababu ndani yake aina mbili za kupigwa na mionzi zilikutana. Kwanza kuna mionzi ya nje. Chanzo kiko mezani, nawe umesimama kando yake. Ukirudi nyuma dozi inapungua, ukiweka risasi nzito katikati inapungua zaidi, na ukitoka chumbani inakoma. Beji anayovaa kifuani mfanyakazi wa eksirei, ile ambayo hapa kwetu husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha, hupima mionzi ya namna hii. Inasimulia yaliyokwisha kutokea, basi.

Pili kuna mionzi ya ndani. Seziamu uliyoimeza haina mlango wa kutokea. Utumbo huifyonza karibu yote, damu huisambaza, na kwa kuwa mwili huishughulikia kama potasiamu, huenea katika misuli yote. Chembe za beta, ambazo kutoka mita moja haziwezi kufikia viungo vya ndani, sasa zinatua ndani ya viungo hivyo hivyo. Beji haioni chochote cha maana. Unakwenda nyumbani, unalala, unakwenda ibadani, na dozi inaendelea.

Je, inaendelea kwa muda gani? Seziamu 137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, lakini mwili hauisubiri. Huitoa polepole, zaidi kwa mkojo. Kwa mtu mzima, sehemu ya kumi hivi hutoka upesi, katika siku chache, na iliyobaki hupungua nusu kila baada ya siku 110 hivi. Tukijumlisha dozi yote itakayotolewa kuanzia siku ya kumeza hadi miaka 50 mbele, tunapata kile ninachokiita leo dozi tarajiwa. Kwa mtoto hesabu hupigwa hadi atakapofikisha miaka 70. Jumla hiyo yote huandikwa katika mwaka ule ule alioimeza, hata kama sehemu yake itatolewa baadaye sana. Sababu ni ya kiutawala, na nadhani ni ya busara: kilichokwisha kuingia hakizuiliki kwa amri ya mkaguzi wa mwaka ujao.

Kwa seziamu 137 iliyomezwa na mtu mzima, kila bekereli moja huleta dozi tarajiwa ya sivati 1.3 × 10⁻⁸. Kikomo cha wafanyakazi ni milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Gawanya milisivati 20 kwa namba ile, upate megabekereli 1.5. Hicho ndicho kikomo cha mwaka cha uingizaji: kiasi ambacho, kikiingia peke yake, kinamaliza nafasi yote ya dozi ya mwaka ule. Mtoto wa Goiânia aliingiza zaidi ya mara 600 ya kiasi hicho, ingawa kikomo chenyewe kilikokotolewa kwa mtu mzima anayefanya kazi, si kwa mtoto.

Sasa chukua megabekereli hizo hizo 1.5, uziweke kwenye chupa umbali wa mita moja. Utapata kama mikrosivati 0.14 kwa saa, kiasi kinachokaribiana na mionzi ya asili ya sehemu nyingi. Ili ufikishe milisivati 20 ungelazimika kukaa hapo usiku na mchana kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Seziamu, hata hivyo, ni mpole kwa maana moja: karibu asilimia 90 ya dozi tarajiwa yake hutolewa ndani ya mwaka wa kwanza. Plutoniamu 239 haiko hivyo. Ikivutwa kwa pumzi, sehemu yake huhamia kwenye mifupa na ini na kukaa huko kwa miongo. Chembe zake za alfa haziwezi kupenya hata ngozi, kwa hiyo nje ya mwili karibu haina neno. Lakini kwa umbo lake linaloyeyuka kiasi mapafuni, kikomo cha kuvuta ni bekereli 600 na kitu tu. Kwa hiyo anayeuliza “bekereli ngapi?” bila kuuliza ni za nini, na zimepita njia gani, bado hajauliza swali.

Tunajuaje mtu amemeza kiasi gani? Kwa seziamu tunampima mwili mzima, maana mionzi yake ya gama hutoka nje ya mwili. Tuseme siku ya 30 mfanyakazi anaonyesha megabekereli 1.1. Kwa siku hiyo mwili hubaki na kama asilimia 75 ya kilichomezwa, hivyo alimeza karibu megabekereli 1.5: kikomo kizima. Hesabu ni rahisi, na ndiyo maana hudanganya. Kama vumbi bado liko kwenye nywele au ngozi, mashine italihesabu kana kwamba limo ndani. Mtu aoge, abadili nguo, apimwe tena. Kama tarehe ya kumeza imekosewa, asilimia ile 75 inakuwa nyingine kabisa. Ikiwa alimeza siku 140 zilizopita, mwili umebaki na kama asilimia 37 tu, na kiasi alichomeza kinakaribia maradufu.

Goiânia ilikuwa na tatizo jingine. Wagonjwa 46 walipewa bluu ya Prusia, dawa inayoishika seziamu utumboni na kuitoa kwa choo. Inapofanya kazi, siku 110 zinafupika sana. Kwa mtu wa aina hiyo kanuni ya kawaida haifai tena: ukiitumia, utadhani alimeza kidogo, kumbe dawa ndiyo imefagia. Inabidi apimwe mara kwa mara, pamoja na mkojo na choo chake, na dozi ikokotolewe kwa mwendo wake mwenyewe.

Na kwa mtoto yule, milisivati hazikuwa na kazi tena. Dozi tarajiwa hutumika kupanga kazi na kukadiria hatari ya saratani ya miaka ijayo. Daktari aliyekuwa kando ya kitanda chake alihitaji kujua uboho wa mifupa umekwisha kupokea grei ngapi, na kwa kasi gani. Makadirio, ya nje na ya ndani kwa pamoja, yalikuwa grei sita.