Maneno ya Chini ya Picha: Hotuba ya Katibu Juu ya Video ya Maji Safi



Nimeombwa niseme machache juu ya maelezo yatakayofuatana na video ya maji safi, ambayo vyama vyetu vya msingi vitapelekeana katika makundi ya simu. Huenda mtu akauliza, picha ikiwapo, maelezo ni ya nini? Sababu ya kwanza ni kwamba wengi hawataifungua video, kwa kuwa bando ni ghali na mtandao wa milimani ni dhaifu. Watasoma maneno yaliyo chini yake, basi. Hapana budi maneno hayo yatoshe peke yake.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Picha huonyesha mkono ukitia kidonge katika ndoo, kisha mtoto akinywa huku akicheka. Haionyeshi ndoo ni ya kiasi gani, wala maji yalikuwa na tope au la, wala ule muda uliopita katikati. Mwenye kuiga alichokiona aweza kutumbukiza kidonge kimoja katika pipa la lita 200, akamnywesha mwanawe papo hapo, na kuamini ametenda sawasawa.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilisema, lakini watu hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa katika vikundi, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kuuliza na kujibu. Maelezo yetu ndiyo kitabu hicho, ila sharti yaenee katika kioo cha simu.

Maelezo ya kwanza yaliyoletwa mbele ya Kamati yalisema, "Tibu maji yako kwa klorini, inaua vijidudu vyote." Ni maneno mepesi, lakini si ya kweli. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidi, chenye kuharisha watoto, ambacho hakifi kwa klorini ya kiasi hicho. Hufa kwa maji kuchemka. Tena neno "tibu" lilimfanya mjumbe mmoja aulize kama maji nayo huugua! Baada ya kupima kila neno, tumekubaliana hivi:

"Kidonge cha miligramu 67 ni cha ndoo moja ya lita 20 ya maji maangavu. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie vidonge viwili. Koroga, funika, ngoja nusu saa. Nusa. Ukisikia harufu hafifu ya dawa, maji yanafaa kunywa. Usiposikia harufu yoyote, rudia kutia dawa, ungoje nusu saa nyingine. Dawa hii huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Tumia maji hayo siku hiyo hiyo."

Neno "nusa" lilitaka kuondolewa ati halina adabu ya maandishi. Nililitetea, nami nalitetea tena leo. Tope na uchafu hula klorini. Ikiliwa yote, haibaki ya kuua vijidudu wala ya kuyalinda maji yakiguswa baadaye. Nyumbani hakuna chombo cha kupimia klorini iliyobaki, ila pua. Ile harufu ambayo watu huilalamikia ndiyo dalili kwamba ulinzi ungalipo, na jambo hilo haliwezi kupigwa picha.

Kwa upande wa anayechemsha, tumeongeza sentensi moja tu: maji yakishatokota na kupoa hayana ulinzi wowote, kwa hiyo kata yenye vidole ndani yake huyachafua upya. Yafaa chombo chenye mdomo mwembamba, au chenye bomba.

Kuhusu choo, picha ni nzuri nayo yajieleza, isipokuwa jambo moja. Kisima hakionekani. Tumeandika kwamba shimo liwe mbali na kisima hatua 40 ndefu, yaani kama mita 30, na liwe upande wa chini wa mteremko. Palipo na mwamba wenye nyufa, umbali huo hautoshi. Bwana Afya aitwe apaone.

Liko na onyo linalotuhusu sisi wenyewe, maana ghala zetu ndizo ziuzazo dawa za mimea. Dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa lisichotewe maji kamwe, hata likioshwa mara ngapi. Klorini haiondoi sumu hiyo, wala moto hauiondoi. Onyo hili tumeliweka mwanzoni kabisa mwa maelezo, kwa kuwa simu hukata maandishi marefu, na msomaji huona mistari michache ya juu tu.

Maelezo yote yatabandikwa pia katika mlango wa kila ghala, kwa herufi kubwa, na karani atayasoma kwa sauti siku za malipo kwa ajili ya wasio na simu.