Linki Ndani ya Meseji za Wengi: Kwa Nini Nyingine Hazifiki

Mada kwa semina ya watendaji wa vyama vya ushirika na maofisa ugani, Ntobeye, wilaya ya Ngara



Nimepewa nusu saa, na waandaaji wameniomba nianze na maana ya maneno. Meseji za wengi ni ujumbe mmoja wa simu unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, kupitia kampuni inayouza huduma hiyo. Linki ni anwani ya tovuti ambayo msomaji akiigusa inamfungulia ukurasa. Jina la mtumaji ni lile linalotokea juu ya meseji badala ya namba, nalo halizidi herufi 11. Hayo mnayajua, na wengi wenu mnalipia kila msimu. Nitapita haraka kwenye hesabu ya herufi, halafu nitakaa pale ninapoumia.

Hesabu ya herufi

Meseji moja ina nafasi ya herufi 160. Ikizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubaki na herufi 153, kwa sababu saba zinaliwa na maelezo yanayoiwezesha simu kuviunga upya. Mnalipia kila kipande kwa kila mpokeaji. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanza na neno ng'ombe. Ile 160 inapatikana tu kama kila herufi mliyoandika imo kwenye orodha fupi ya herufi za mtandao. Kiswahili chote kimo. Alama ya ng' nayo imo, ila ni ile iliyonyooka. Ukiandika tangazo kwenye Word, programu inaigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda, na hiyo haimo. Herufi moja isiyomo inatosha kuhamisha meseji nzima kwenye mfumo mwingine, wenye nafasi ya herufi 70 tu, au 67 kwa kila kipande. Tazameni tangazo hili:

```
Chanjo ya ng'ombe Ntobeye Jumatano saa 2 asubuhi joshoni. Njoo na idadi ya mifugo. Jiandikishe:
```

Ukihesabu na nafasi ya mwisho kabla ya linki, hizo ni herufi 96. Tuseme tunaongeza linki ya fomu ya Google yenye herufi 111, kwa kuwa fomu hizo zina anwani ndefu kama mkia wa kima. Jumla ni 207, yaani vipande viwili. Alama ya ng'ombe ikipinda, herufi hizohizo 207 zinakuwa vipande vinne. Kwa wanachama 400, mmetoka kulipia meseji 800 mkaishia 1,600, na hakuna neno hata moja lililoongezeka. Dalili yake iko wazi: kihesabio kwenye ukurasa wa kutuma meseji kinaruka kutoka 160 kwenda 70. Ukiona hivyo, ifute ile alama na uiandike upya palepale ukurasani, usiibandike kutoka kwingine.

Kutokana na gharama hiyo ndipo watu wakakimbilia kufupisha linki. Mfupishaji kama bit.ly au TinyURL anachukua anwani ya herufi 111 na kukupa ya herufi 22 hivi. Tangazo letu linashuka hadi 118 na linaingia kwenye kipande kimoja. Faida nyingine ni kwamba linki haikatwi katikati. Simu ya zamani isiyounga vipande vizuri huonyesha nusu ya linki hapa na nusu nyingine kwenye meseji inayofuata, na hapo hakuna cha kugusa. Kwa hesabu tu, kufupisha ni jambo jema. Nami niliwahi kulihubiri, kwa hiyo yanayofuata yananihusu.

Meseji zinazopotea

Msimu mmoja niliwatumia wanachama wetu tangazo la mkutano lenye linki fupi. Ripoti ya kampuni ilisema Sent kwa majina yote. Siku ya mkutano, watu wa mtandao mmoja karibu wote hawakutokea. Sitautaja mtandao wenyewe, maana tunaendelea kufanya nao kazi. Mzee mmoja aliniletea simu yake ya kitochi nikague mwenyewe: ilikuwa na meseji za salio, za michango ya harusi na za waganga, lakini yetu haikuwemo.

Nilipiga simu kwa kampuni iliyotuuzia huduma. Wakasema tuulize mtandao. Mtandao wakasema tuulize kampuni. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba neno Sent maana yake ni meseji imetoka mikononi mwa muuzaji, basi. Linalotakiwa kutazamwa ni jibu linalorudi kutoka mtandaoni, nalo huandikwa kwa kifupi: DELIVRD imefika, EXPIRED simu ilikuwa imezimwa hadi muda ukaisha, REJECTD imekataliwa. Tulipodai ripoti ya namna hiyo, safu ya mtandao ule ilijaa REJECTD.

Baada ya hapo nilipanga mezani simu nne zenye laini za mitandao tofauti, nikazitumia tangazo kwa jina lilelile. Tangazo lenye linki fupi lilifika kwenye simu tatu. Tangazo lilelile bila linki lilifika kwenye zote nne, ndani ya sekunde chache. Tangazo lenye anwani ya tovuti yetu wenyewe, bila kufupishwa, nalo lilifika kote. Kilichokataliwa, kwa hiyo, hakikuwa jina letu wala maneno yetu. Kilikataliwa kile kifupisho.

Kwa nini mtandao ukatae? Niwatendee haki, sababu wanazo. Linki iliyofupishwa inaficha inakokwenda. Kichujio cha mtandao kinaona bit.ly na herufi saba zisizo na maana, nacho hakijui nyuma yake kuna fomu ya chanjo au ukurasa wa wizi uliovikwa sura ya benki. Mbaya zaidi, anwani ya bit.ly ni nyumba ya kupanga. Herufi zake za mwisho ni za nchi ya Libya, na humo ndani mkulima wa Ntobeye anakaa chumba kimoja na tapeli wa popote duniani. Tapeli akiharibu jina la nyumba, wapangaji wote wanafungiwa mlango. Kichujio hakina muda wa kuuliza nani analala chumba gani.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Desemba 2021 wateja wa benki ya OCBC nchini Singapuri walipokea meseji za uongo zenye linki, zikijipanga kwenye uzi uleule wa meseji halali za benki. Wateja 790 walipoteza dola milioni 13.7 za nchi hiyo. Januari 2022 benki za huko ziliamriwa kuondoa linki zote kwenye meseji za wateja wa kawaida. Septemba mwaka huohuo kampuni ya Globe ya Ufilipino ilianza kuzuia meseji za mtu kwa mtu zenye linki ya kugusa. India, kuanzia Oktoba 2024, linki isiyosajiliwa kabla haipiti kwenye meseji za biashara. Sisi hapa nyumbani tuna wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na TCRA imetupa namba 15040 ya kuripoti meseji zao. Wengi wa matapeli wetu hata linki hawana haja nayo. Lakini mitandao inaona yanayotokea kwingine, inafunga mlango mapema.

Ninachokilalamikia, kwa heshima zote, si kufunga. Nalalamikia kufunga kimya. Hakuna aliyetuandikia kwamba kifupisho hakiruhusiwi, na tulikatwa fedha za meseji zilizokataliwa.

Kuna kisa kimoja zaidi, nacho ni cha Kiswahili hasa. Baadaye tangazo lisilo na linki yoyote lilikataliwa na mtandao uleule. Tulikodolea macho maneno hadi kijana wa ofisini akagundua kwamba kwenye simujanja yake maneno mawili yamepigiwa mstari wa buluu. Aliyechapa alisahau nafasi baada ya nukta, akaandika asubuhi.ni muhimu. Nchi ya Nikaragua hutumia .ni mwishoni mwa anwani zake za tovuti. Simu ilisoma asubuhi.ni kama tovuti, na bila shaka kichujio nacho. Tulipoweka nafasi baada ya nukta, meseji ilipita. Namibia wana .na, Slovenia wana .si, Afrika Kusini wana .za. Kwa lugha yetu hiyo ni mitego minne ndani ya sentensi moja.

Mapendekezo

Kwanza, tuache vifupisho vya umma kwenye meseji za chama. Nimeshasema, narudia: nyumba ya kupanga si yetu. Chama kisajili anwani yake yenye .or.tz au .co.tz na kutengeneza kurasa zenye majina mafupi. Anwani kama mfano.or.tz/c ina herufi 13, pungufu kuliko kifupisho, na mwanachama anaona inakotoka. Ukurasa huo ufunguke wenyewe. Usimrushe msomaji kwenda kwingine, maana vichujio huzifuata njia hizo.

Pili, mnaposajili jina la mtumaji, mfano wa meseji mnaoambatisha uwe na linki kama itakavyokuwa. Ukipeleka mfano usio na linki kisha ukatuma yenye linki, umewapa sababu ya kukataa.

Tatu, kabla ya kutuma kwa 400, tumeni kwa simu nne, laini moja kwa kila mtandao. Hiyo ni meseji nne tu. Isipofika moja, ondoeni linki mrudie. Ikifika, tatizo ni linki. Isipofika tena, tafuteni nukta isiyo na nafasi.

Nne, mkataba na muuzaji useme kwamba tutapewa ripoti ya DELIVRD na REJECTD kwa kila namba, na kwamba iliyokataliwa hailipiwi. Ombi hili linaweza kuonekana kali. Sisi tuliliweka kwa maandishi, na kwa kampuni ya sasa limekubaliwa.

Tano, alama ya ng' iandikwe ikiwa imenyooka. Hili nalo nimeshalisema.

Sita, na hapa baadhi ya wajumbe hatutakubaliana: tujiulize kama linki inahitajika kabisa. Wanachama wetu wengi wana vitochi. Wenye simujanja, siku nyingi hawana bando, na wanaoishi karibu na Rusumo au Kabanga simu zao zikidaka mtandao wa nchi jirani, kufungua ukurasa ni gharama nyingine. Siku, saa, mahali na namba ya kumpigia mtendaji vinatosha ndani ya herufi 160 na nafasi inabaki. Kwa tangazo la chanjo mimi siweki tena linki. Naiweka kwa ajili ya majedwali ya malipo ya kahawa tu, ambayo hayawezi kuingia kwenye meseji.

Saba, mwakilishi wa mitandao akiwepo ukumbini, nina ombi moja kwake. Tupeni orodha ya mnachokizuia, hata ikiwa ya ukurasa mmoja, nasi tutaifuata.