Karatasi ya Sauti na Picha kwa Gredi ya Kwanza



Karatasi ya mazoezi ya mtoto wa gredi ya kwanza huwa na herufi upande mmoja na picha upande wa pili. Mtoto huchora mstari kutoka herufi hadi picha ambayo jina lake linaanza na sauti hiyo. Kazi ni nyepesi, lakini mara nyingi mtoto hukosolewa kwa kosa la aliyechora karatasi.

Chukua karatasi yenye herufi n, m na e. Mbele ya n pamechorwa ng'ombe. Jina hilo halianzi na sauti ya n. Linaanza na ng', ambayo ni sauti nyingine. Nyumba nayo inaanza na ny. Picha inayofaa ni nanasi au nazi. Mbele ya m pamechorwa hindi moja, kwa kuwa mwalimu anafikiria mahindi. Mtoto wa Trans Nzoia, aliyezoea kuyaona shambani, anasema "hindi" na kuitafuta herufi h. Mtoto yuko sawa. Afadhali kuchora meza.

Kisha kuna lugha ya nyumbani. Mtoto anayezungumza Lubukusu akiona ng'ombe huenda akasema "ekhafu", na akiona nyumba aseme "enju". Akiziunganisha zote mbili na e, masikio yake yamefanya kazi barabara. Kwa hiyo, kabla ya penseli kushikwa, mwalimu ataje picha zote kwa Kiswahili na darasa lirudie.

Sauti ya d inahitaji subira. Katika Lubukusu, d husikika baada ya n tu, kwa hiyo "dada" laweza kutamkwa "tata". Mtoto aweke kiganja kooni: akisema d koo hutetemeka, akisema t hutulia. Hilo ni suala la matamshi, si ishara kwamba hajui kusoma.

Baada ya kuunganisha huja kufuatisha herufi. Nukta nene ionyeshe mahali pa kuanzia. Herufi b huanza na mstari wa kushuka, kisha tumbo. D huanza na duara, kisha mstari. Mpangilio huo husaidia mkono kuzitofautisha, na ni vyema zifundishwe katika wiki tofauti. Safu ya kwanza iwe na herufi nzima ya nukta, ya pili nukta chache, ya tatu nukta ya kuanzia pekee. Mtoto atamke sauti kila anapoandika, la sivyo atakuwa anachora tu.

Mwisho, picha zifunikwe na herufi zipangwe upya. Anayetaja sauti zake amezijua. Anayesubiri picha alikariri karatasi, na arudishiwe herufi mbili au tatu tu kesho yake.