Hesabu Iliyokatwa Pembeni

Mwalimu anapotumiwa picha ya hesabu iliyoandikwa kwa mkono pamoja na neno moja tu, “jibu”, hana budi kukagua kingo za picha kabla ya kukokotoa. Ikiwa kinachosomeka ni 48 ÷ 6 + 5, na alama ya sawasawa haionekani, huenda ukingo wa kulia umekatwa. Hatua ya kwanza haina shaka: 48 ÷ 6 = 8. Swali likiishia hapo, jibu ni 13; lakini likiendelea kwa × 3, kuzidisha hutangulia kujumlisha, hivyo 5 × 3 = 15, na jibu huwa 23, wala si 39. Mwalimu aandike hatua hizo, ataje dhana yake, yaani jambo alilolichukulia kuwa kweli, kisha aombe picha nzima.